Nyanya yangu alikiitaje kifuniko chake cha chakula?

*"Shikamoo mwalimu. Nilikuwa nikipelekwa kwa nyanya Malindi kila likizo ya Agosti mpaka nilipofika darasa la tano. Chakula kikishapakuliwa, alikuwa akikifunika na kitu cha kusukwa, kama kofia kubwa ya pia, chenye michirizi myekundu na ya zambarau. Alikuwa akikiita kwa jina fupi, na mimi ndiye niliyekuwa natumwa kukileta. Kakangu anasema nyanya alikuwa anasema tu 'kava', la Kizungu. Mama yangu ni wa bara, yeye anasema 'kifuniko'. Rafiki mmoja aliniambia ni ungo, mwingine akasema ni kifumbu. Nikitafuta 'kifuniko cha chakula' kwenye simu napata vya plastiki na hotpoti. Nyanya ameshatutoka. Amebaki shangazi yangu huko Malindi. Nataka neno lenyewe. Nitalipataje?"*

Marahaba, dada yangu, na pole kwa nyanya. Kabla ya yote nitakuambia ninalolidhania, kisha nikuombe usilimeze mpaka ulijaribu. Nadhani neno lako ni kawa. Ni kifuniko cha kusukwa, chenye umbo la pia, cha kufunikia sahani au sinia ya chakula nzi wasitue. Watu wengine husema kawa moja, kawa mbili, na wengine husema makawa. Limo katika kamusi ya Johnson ya Kiswahili kwa Kiingereza ya 1939.

Nililifikia neno hili kwa kuyapitia maneno yako mwenyewe, hasa lile alilolitaja kakako.

Kakako amekosea jina lakini sikio lake halikukosea sana. Nyinyi mmekulia Nairobi. Kila Januari mlikuwa mkifunika vitabu vya shule kwa karatasi ya kaki au gazeti, na kazi hiyo mliiita kutia kava. Neno hilo mlilisikia mara mia kwa mwaka. Neno la nyanya mlilisikia wiki tatu tu kila Agosti, mkiwa watoto. Miaka ikapita, na neno dogo lililosikika mara chache likawa linafifia. Kumbukumbu ikifika mahali palipofifia haiachi pengo wazi, bali huazima neno la jirani linalofanana nalo kwa sauti, na likifanana kwa maana pia ndipo linapokaa imara zaidi. Kava na kawa yanatofautiana kwa sauti moja ya katikati, na sauti hizo mbili zote hutamkwa kwa midomo. Tena vyote viwili hufunika. Hata mtu makini angechanganyikiwa hapo.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 1966 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Roger Brown na David McNeill, waliwasomea wanafunzi maelezo ya maana ya maneno adimu. Waliosema kwamba neno wanalo kwenye ncha ya ulimi lakini haliji, waliulizwa linaanza na herufi gani na lina silabi ngapi. Walipatia kuliko ambavyo mtu angepatia kwa kubahatisha. Walipotaja neno lisilo lenyewe, mara nyingi lilikuwa linafanana kwa sauti na lile lililokuwa likitafutwa. Kwa hiyo neno baya linalokujia kila mara usilifukuze. Liandike, maana limekaa karibu na lile unalolitaka.

Sasa chukua hilo "kava" ulitumie kama umbo. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa sababu silabi zetu nyingi huishia na irabu na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo irabu za neno fupi hubaki sikioni hata konsonanti zikipotea. Katika "kava" ninaamini mambo matatu: linaanza na *ka*, linaishia na *a*, lina silabi mbili. Sauti ya katikati siiamini. Basi chukua kalamu, andika *ka*, acha nafasi, andika *a*. Kisha pitisha konsonanti zote kwenye nafasi hiyo, moja baada ya nyingine, bila kuruka zile za kuungana kama *mb*, *nd*, *ng*, *ny* na *sh*, na kila umbo litazame kwenye kamusi.

Nilifanya hivyo na barua yako ikiwa mezani. Ukitoa yasiyokuwa na maana, yanabaki maneno machache kama haya: kaba, kaka, kama, kamba, kana, kanda, kanga, kasa, kasha, kata, kawa, kaya, kaza. Kasa ni mnyama wa baharini. Kanga, kamba na kasha unavijua, na havihusiki hapa. Katika yaliyobaki, vyombo vya nyumbani ni vitatu tu: kanda, kata na kawa. Na hapo ndipo maelezo yako yanapoingia kazini, kwa sababu kila chombo kina kazi yake. Kanda ni mfuko wa kusukwa wa kutilia nafaka na vitu vya namna hiyo. Unalingana na kitu chako kwa kusukwa, lakini haufuniki. Kata ni ya kuchotea maji, ya kifuu cha nazi na mpini wake, wala haisukwi. Imebaki kawa, ambayo inasukwa, ina umbo la pia na kazi yake ni kufunika chakula. Mambo yote matatu uliyoniandikia yanakutana hapo.

Maelezo ya marafiki zako nayo yapime kwa kazi ya chombo, usiyapime kwa sura. Ungo ni bapa na ni wa kupepetea. Unaweza kufunika sufuria kwa ungo siku ya haraka, lakini hautaitwa kwa kazi hiyo. Kifumbu kinasukwa kweli, ila ni kama mfuko mdogo, na kinachujia tui: unatia nazi iliyokunwa, unakamua, machicha yanabaki ndani. Aliyekuambia kifumbu huenda aliwahi kukiona jikoni, akakumbuka kusukwa na akasahau kazi. Hivyo ndivyo maneno ya vyombo yanavyochanganywa. Sura hudumu kwenye macho, kazi hupotea pindi chombo kinapoacha kutumika.

Kuhusu simu yako, uliandika *kifuniko*, na kifuniko ni neno la jumla. Linaingia kwenye chupa, sufuria, tangi la maji, hata kisima. Ukitafuta kwa neno la jumla unapata kinachouzwa leo kwa wingi, yaani plastiki. Ukitaka kutafuta kwa maelezo, acha jina la jumla, utumie majirani wa neno: malighafi yake, kitendo kinachoambatana nacho, na vitu vinavyokaa nacho. Malighafi hapa ni ukindu, yaani majani ya mkindu, au miyaa, majani ya mkoma. Kitendo ni kusuka na kufunika. Vitu vinavyokaa nacho ni sinia, chano, mkeka. Ukiandika "ukindu kufunikia chakula" au "kusukwa kufunika sinia", unaingia kwenye maelezo ya watu wanaoijua kazi hiyo, na jina la chombo hutokea katikati ya sentensi zao bila wewe kulijua kabla.

Ukipata kamusi iliyopigwa chapa kwenye mtandao, fanya hivyo hivyo. Usitafute vidahizo, yaani maneno yaliyopangwa kwa alfabeti, tafuta ndani ya maelezo. Kamusi imepangwa ili mtu mwenye neno apate maana. Wewe una maana na huna neno, kwa hiyo lazima uisome kinyume. Kwa kamusi za Kiswahili kwa Kiswahili, tafuta "ukindu" kwenye maelezo yote. Kwa zile zenye maelezo ya Kiingereza, tafuta `plaited` au `dish`. Utapata kurasa nyingi zisizokuhusu, na utachoka, lakini orodha ya vitu vya kusukwa haina mwisho mrefu. Kwa jioni moja unaweza kuipitia yote.

Hapa kuna mtego mmoja ninaoujua kwa kuumia. Miaka ya nyuma mzee mmoja wa Lamu alinisimulia harusi ya utotoni mwake, akasema wanawake waliingia jikoni "na pawa zao". Mimi nimezaliwa na kukulia Nairobi, na pawa kwetu ni nguvu, au stima. Niliandika hivyo kwenye daftari: waliingia na nguvu zao. Nilikaa siku mbili nikiisoma sentensi hiyo bila kuridhika, kwa sababu mzee alikuwa ametoka kuzungumza juu ya mchuzi. Nikaenda kwenye herufi P ya kamusi, nikakosa. Neno lilikuwa chini ya U: upawa, kijiko kikubwa cha kifuu cha nazi cha kuchotea na kupakulia. Mmoja ni upawa, wengi ni pawa. Wanawake waliingia jikoni na miiko yao ya mchuzi.

Ninakueleza hili kwa sababu neno ulilolisikia utotoni huenda hukulisikia katika umbo ambalo kamusi hulihifadhi. Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno, na mwanzo ndio mlango wa kamusi. Ulisikia *pawa*, kamusi ina *upawa*. Ulisikia *nyufa*, kamusi ina *ufa*. Ulisikia *ndimi*, kamusi ina *ulimi*, na hapo hata konsonanti imegeuka. Kitenzi ndicho kigumu zaidi, maana mtoto hukisikia kikiwa kimevaa viambishi mbele na nyuma. Kwa hiyo neno likikosekana chini ya herufi unayoikumbuka, lijaribu na U mbele yake, kisha uondoe *ma* au *vi* ya mwanzo uone kinachobaki. Kwa kawa shida hii ni ndogo. Kama nyanya alisema "lete makawa", ungeondoa *ma* na ungefika.

Shida ya pili ni lahaja, na kwa mtu wa Malindi lazima niitaje. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamusi nyingi ulizosoma shuleni zimejengwa juu ya msingi huo. Neno la pwani ya Kenya linaweza kukosekana humo, au likawemo kwa sauti nyingine. Mtu wa Mombasa wa zamani alisema *ndia* mahali ambapo sanifu ina *njia*, na *nti* mahali pa *nchi*. Kama neno unalolitafuta lina *t* ya namna hiyo, lijaribu kwa *ch*. Na kama sanifu yote imekunyima, rudi kwa mmisionari Krapf, aliyeishi Rabai karibu na Mombasa na ambaye kamusi yake ilichapishwa 1882, au kwa Sacleux wa 1939, anayeonyesha neno ni la lahaja gani. Sacleux aliandika kwa Kifaransa, kwa hiyo utahitaji mtu wa kukusomea.

Ukilitazama kawa kwenye kamusi, usiondoke na maana ya kwanza. Kuna *kawa* kitenzi, maana yake kuchelewa, ndugu yake kawia. Wengi huiona hiyo, wakasema "hapana, silo", wakafunga kitabu. Kamusi huyapa maneno ya sauti moja namba ndogo pembeni, na yote lazima uyasome.

Sasa nikugeukie kwa ukali kidogo, maana nimeshakutia neno kichwani na hilo lina hatari yake. Sasa hivi huenda unasema "kawa, kawa, kawa" na unahisi linakuja. Hisia hiyo ni nzuri lakini si ushahidi wa kutosha. Neno lolote ukilirudia mara ishirini linaanza kuwa la kwenu. Ndiyo maana ushahidi wenye nguvu zaidi uko Malindi, kwa shangazi yako, na namna utakavyomuuliza ndiyo itakayoamua kama jibu lake lina thamani.

Ukimpigia na kusema, "Shangazi, kile kitu kiliitwa kawa, sivyo?", atakuambia ndiyo. Pengine ni kweli, pengine ni adabu, pengine hakusikia vizuri. Hutajua. Wazee wetu wa pwani hawapendi kumkatalia mtoto wa ndugu yao jambo dogo. Anza mbali. Muulize juu ya chakula: wakati wa Ramadhani, futari ikishaandaliwa na adhana haijaingia, nyanya alikuwa akikihifadhije chakula? Mwache asimulie. Akisema "alikifunika", muulize alikifunika kwa kitu gani. Akisema "kwa kifuniko", mwambie kulikuwa na kile cha kusukwa chenye rangi, nyinyi mlikuwa mkikiitaje? Kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde kumi kwenye simu ni mzito, na utatamani kumsaidia. Usimsaidie.

Kama kuna kijana nyumbani kwake mwenye simu ya picha, mtumie picha, au mchoro wako wa penseli, ni bora zaidi. Mchoro una faida kwamba utaweka unachokikumbuka wewe, na shangazi anaweza kukusahihisha: "hapana, hakikuwa na pembe hiyo." Marekebisho ya namna hiyo yakianza, jina huwa haliko mbali.

Akitaja neno, liandike kama alivyolitamka, hata likikupendeza au lisikupendeze. Kisha utafute watu wengine wawili wa umri wake, wa Malindi au wa jirani, ambao hawajazungumza naye. Hapa Nairobi unaweza kuwapata akina mama wazee wenye asili ya pwani pale Majengo, Pumwani. Kwao fanya kinyume: taja neno peke yake, katikati ya mengine. Waulize tunga ni nini, pakacha ni nini, kawa ni nini, kung'uto ni nini. Anayelijua atakuonyesha kwa mikono kabla ya kueleza. Nimewaona wakiweka viganja viwili juu ya sahani isiyokuwepo, vidole vimekutana juu kama paa la nyumba ya makuti. Mikono hiyo naiamini kuliko kamusi.

Sitaki kukuficha kwamba kakako anaweza kuwa na haki. Huenda wako nyanya waliosema *kava* kweli. Lakini pima hivi. Maneno ya kuazima huja zaidi na vitu vipya: hotpoti ilikuja na jina lake, friji na jina lake. Kitu kilichosukwa kwa ukindu, kwa rangi zilizochemshwa na majirani, kilikuwa na jina nyumbani kabla ya Mzungu kukiona, na mwanamke wa Malindi hakuwa na sababu ya kukiazimia jingine. Muulize shangazi kama nyanya aliita kava pia kitambaa cha mto au karatasi ya daftari. Kama ndiyo, basi uwezekano wa kakako unapanda. Kama neno hilo alilitumia kwa kitu kile kimoja tu, nitabaki na kawa.

Na kama shangazi na wale wengine wawili wote wakikosa, au wakikupa majina matatu tofauti, hapo usiendelee kuhangaika na simu. Nenda kwa watu ukiwa na mchoro mkononi. Mombasa kuna taasisi ya utafiti wa Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, na Lamu kuna jumba la makumbusho lililopangwa kama nyumba ya Waswahili ya zamani, pamoja na vyombo vyake. Kukiona chombo chenyewe ukutani au juu ya meza huamsha mengi kuliko maelezo. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Nairobi nayo huenda ina watu wanaotoka pwani ya kaskazini, na swali la chombo kimoja chenye mchoro ni rahisi kwao kulijibu kuliko swali la "neno fulani la nyanya".

Mpigie shangazi baada ya alasiri, akiwa amepumzika na jikoni hakujaanza moshi wa jioni. Mweleze mapema kwamba unarekodi sauti, umwombe ruhusa. Uwe na karatasi mbele yako yenye yale maneno matatu, kanda, kata na kawa, uigeuze uso chini, na usiifunue mpaka atakapotaja jina yeye mwenyewe.